Muda Mrefu kwa Kodi Isiyopanda: Mazungumzo na Wenye Maduka Wanaohuisha Mikataba



Tumeombwa tuzungumze nanyi juu ya upangaji wa maduka, nasi tumeona ni heri tusiguse kila kitu. Tutashika jambo moja tu, kwa kuwa ndilo linalowaleta wengi wenu mezani petu, na mara nyingi huwaleta wakiwa wamekwisha kutia sahihi. Mkataba unakaribia kwisha. Mwenye jengo anasema: nikubalie miaka mingi, nami nitakupa kodi iliyopangwa. Je, mpangaji akubali? Na akikubali, ni kitu gani hasa anachokitoa, na ni kitu gani anachokipokea?

Tukisema kodi hapa tunakusudia kodi ya pango. Ile inayokwenda serikalini tutaiita ushuru. Na tutasema juu ya Kenya, kwa sababu katika biashara hii ya kubadilishana muda na kodi, sheria ya Kenya ina mstari mmoja ambao ukivukwa, bei ya kila kitu hubadilika. Mstari huo ni miaka mitano. Tutaufikia.

Tumtwae mama mmoja auzaye leso na vitambaa katika barabara ya maduka mjini Mombasa. Analipa shilingi 60,000 kwa mwezi, na mkataba wake wa miaka mitatu unakwisha mwisho wa Desemba. Mwezi wa Julai anapokea barua. Mwenye jengo anampa njia mbili: ama mkataba wa mwaka mmoja kwa shilingi 75,000 kila mwezi, ama mkataba wa miaka sita unaoanzia 66,000, na nyongeza ya asilimia 10 kila mwaka. Barua inaiita njia ya pili “kodi maalumu iliyopangwa kwa mpangaji wa muda mrefu”.

Mama anaifurahia barua. Anaona 66,000 ni nafuu kuliko 75,000, na miaka sita ni utulivu. Lakini hajapiga hesabu ya mwaka wa sita.

Tuipige pamoja. Mwaka wa kwanza ni 66,000. Wa pili 72,600. Wa tatu 79,860. Wa nne 87,846. Wa tano unapita 96,600, na wa sita unafika karibu 106,300 kwa mwezi. Jumla ya miaka sita ni kama shilingi 6,111,000, na ukiigawanya kwa miezi 72 unapata wastani wa karibu 84,900. Kwa hiyo mkataba ulioonekana wa 66,000 ni mkataba wa karibu 85,000 kila mwezi. Kodi imepangwa kweli, hatukatai, ila imepangwa kupanda. Neno “iliyopangwa” si sawa na neno “isiyopanda”, na barua nyingi tunazoonyeshwa hutumia la kwanza ili msomaji aelewe la pili.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuzigeuza barua zote ziwe tarakimu ya namna moja: jumla ya muda wote, kisha wastani wa mwezi. Hapo ndipo zinaweza kulinganishwa. Iko haja ya kukumbuka pia kwamba shilingi ya leo ina uzito kuliko ya mwaka wa sita, na kwamba biashara yenyewe huenda ikakua. Nyongeza ndogo si dhuluma. Ila asilimia 10 juu ya asilimia 10 kila mwaka hupanda upesi kuliko watu wanavyokisia wanapoisoma kwa haraka.

Hatua ya pili ni kujua bei ya mtaa. Mama huyu akawauliza majirani watatu wenye maduka ya ukubwa uleule na upande uleule wa barabara. Mmoja analipa 68,000, mwingine 70,000, wa tatu 73,000. Kazi hii ilimchukua asubuhi moja na vikombe viwili vya kahawa, nayo ilimfaa kuliko lolote jingine alilofanya. Sasa aliijua 75,000 kuwa ni ya kumtisha, na 66,000 kuwa ni ya kumvutia. Duka lake hasa lilikuwa na thamani ya kama 70,000.

Sasa tuje kwenye mstari wa miaka mitano, maana bila ya kuujua huo mtu hawezi kujua ni nini anachouza anapouza muda.

Iko sheria ya mwaka 1965 ambayo mawakili huiita kwa kifupi Sura ya 301; ndiyo sheria ya wenye nyumba na wapangaji wa maduka, mahoteli na nyumba za vyakula. Duka katika sheria hii si lile la kuuza bidhaa peke yake. Ni pia mahali pa kutoa huduma kwa malipo, hivi kwamba kinyozi na fundi cherehani wamo. Sheria inawalinda wapangaji wa aina fulani, na upangaji wao huitwa upangaji uliodhibitiwa. Upangaji huwa wa namna hiyo ikiwa haukuandikwa. Au ikiwa umeandikwa na muda wake hauzidi miaka mitano. Au ikiwa umeandikwa kwa muda mrefu zaidi, lakini ndani yake mna kifungu kinachoruhusu kuuvunja kabla ya miaka mitano kwa sababu isiyo uvunjaji wa masharti. Vibanda vya serikali na vya halmashauri havimo. Wanaopanga huko wana habari nyingine kabisa.

Mpangaji aliyedhibitiwa hawezi kutolewa wala kupandishiwa kodi kwa barua ya kawaida tu. Mwenye jengo hana budi kumpa ilani kwa fomu iliyowekwa na sheria, yenye kutaja sababu, na ilani hiyo haianzi kufanya kazi kabla ya miezi miwili tangu kupokewa. Mpangaji anatakiwa kujibu kwa maandishi katika muda wa mwezi mmoja kama anakubali au la. Akipinga, hulipeleka jambo mbele ya Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara kabla ya siku ambayo ilani ingeanza, na akifanya hivyo ilani husimama mpaka Baraza liamue. Hata mkataba wake ukiisha tarehe, yeye hubaki dukani kwa masharti yaleyale mpaka utaratibu huo ufuatwe.

Watu wengine wakisikia haya husema: basi nitakaa na 60,000 zangu milele. La. Baraza halikuwekwa kuigandisha kodi. Likiitwa kuipanga, hutazama kodi ambayo duka lile lingepata sokoni kwa masharti yaleyale. Mama wetu akienda huko, na majirani wakiwa wanalipa kati ya 68,000 na 73,000, asitarajie kurudi na 60,000. Anachokipata kwa sheria ni kwamba hatapigwa kwa ghafula, hatatolewa bila sababu inayotambuliwa, na bei itapimwa na mtu asiye mwenye jengo.

Hilo si jambo dogo, na mwenye jengo analijua. Ndiyo maana mikataba mingi ya maduka mjini huandikwa kwa miaka sita, au kwa miaka mitano na miezi mitatu. Tarakimu hiyo ya miezi mitatu huwashangaza wapangaji. Huidhania kuwa ni zawadi, au ni kosa la mpiga chapa. Miezi hiyo mitatu imetiwa makusudi, ili mkataba uvuke mstari na kutoka nje ya Sura ya 301. Mwenye jengo hatendi kosa lolote kwa kufanya hivyo; sheria imemwachia. Lakini mpangaji anayeikubali anatoa kitu chenye thamani, na mwenye kutoa kitu chenye thamani hana sababu ya kutoa bure.

Kwa hiyo mkataba wa miaka mitano kamili na mkataba wa miaka mitano na miezi mitatu si ndugu, ingawa umri wao unakaribiana. Katika ule wa kwanza, siku ya mwisho ikifika, mpangaji angali analindwa na sheria. Katika ule wa pili, karatasi ndiyo ngao yake peke yake, na siku ya mwisho ikifika karatasi imekwisha kazi. Mwenye jengo anaweza kumwambia atoke, au abaki kwa kodi yoyote aitakayo.

Turudi kwa mama. Baada ya kuyajua haya alikwenda kumwona mwenye jengo. Hakupeleka barua, alikwenda mwenyewe, kwa kuwa mzee yule ni wa makamo ya baba yake na wamejuana miaka mingi. Akamwambia: “Mzee wangu, mimi sitaki kuhama, nawe hutaki niondoke. Nipe miaka mitano kamili kwa 72,000, isipande wala isishuke, nami nakulipa kila tarehe tano kama ulivyonizoea.”

Tutazame alichokuwa akimpa. Alimpa 72,000, ambayo ni juu kidogo ya kati ya bei ya mtaa. Hiyo ziada ndogo ndiyo malipo ya kuomba kodi isibadilike. Na alimpa hesabu moja ambayo wenye majengo huielewa mara moja. Duka likikaa tupu mwezi mmoja tu, mzee anapoteza 72,000. Hizo ni sawa na kumwongeza mpangaji 6,000 kila mwezi kwa mwaka mzima. Na duka halikai tupu mwezi mmoja: kuna kutafuta mpangaji, kumlipa dalali, kupaka rangi, na mpangaji mpya huomba apewe muda wa kutengeneza kabla ya kuanza kulipa. Mwenye jengo anayekazania nyongeza ya 6,000 na kumpoteza mpangaji mwaminifu anaweza kuhitaji miaka miwili ili arudi pale alipokuwa. Ikiwa ana mkopo wa benki juu ya jengo, thamani ya mkataba mrefu huzidi, kwa kuwa benki hupenda kuona mapato ambayo yameandikwa.

Mzee akalipenda wazo la bei, lakini wakili wake akasema: miaka sita, au hakuna. Sababu yake mmekwisha kuifahamu.

Hapa ndipo tunapowaona wapangaji wengi wakikosea kwa namna mbili. Wengine hukataa kwa hasira na kurudi dukani bila mkataba. Hilo si balaa, maana sheria inawashika, lakini wamebaki bila tarakimu ya kodi waijuayo kwa miaka ijayo. Wengine hukubali palepale kwa kuogopa. Tunaona afadhali mtu ajiulize: nikivuka mstari huu, ni ulinzi gani wa sheria ninaouacha, nami niuandike upya kwenye karatasi? Ulinzi anaouacha ni wa namna tatu: bei, njia ya kutoka, na siku ya mwisho. Kila mmoja utakiwe kwa kifungu chake.

Bei kwanza. Mama akasema: ikiwa ni sita, basi 72,000 kwa miaka mitatu ya mwanzo, kisha 79,200 kwa miaka mitatu ya mwisho. Nyongeza moja ya asilimia 10 katikati, wala si tano. Jumla ni shilingi 5,443,200. Ukiitoa katika ile ya barua unapata tofauti ya karibu 667,500. Lakini angalieni jinsi tofauti hiyo inavyokaa. Mwaka wa kwanza mama analipa zaidi ya barua kwa 6,000 kila mwezi, yaani 72,000 kwa mwaka. Mwaka wa pili wanakaribia kulingana. Faida yake inaanza kuonekana mwaka wa tatu, na sehemu kubwa yake, zaidi ya nusu milioni, iko katika miaka miwili ya mwisho. Maana yake ni kwamba kodi isiyopanda humfaa yule atakayekaa. Mwenye mashaka kama atakuwapo mwaka wa nne, afadhali asiinunue kwa bei ya mwaka wa kwanza. Hilo hatuliambiwi mara nyingi, na tunalisema wazi hapa kwa sababu wako watu waliotujia wakiwa wamelipa ghali mwanzoni kwa utulivu ambao hawakuwahi kuufaidi.

Pamoja na bei, akaomba neno moja lifutwe. Katika rasimu ya wakili mlikuwa na maneno kwamba kodi “itapitiwa kulingana na soko wala haitashuka” mwanzoni mwa mwaka wa nne. Kifungu hicho kikibaki pamoja na tarakimu 79,200, nyinyi wenyewe mwajua kitakachofuatwa ni kipi. Kodi isiyopanda huandikwa kwa tarakimu na tarehe peke yake. Penye tarakimu pasiwe na fomyula.

Kisha kuna matundu ambayo maji hupita hata bakuli likiwa zima. Ada ya huduma, ile ya mlinzi, usafi, maji na taa za nje, haimo katika kodi, na kwa kawaida haikupangwa. Tumekutana na wapangaji ambao kodi yao haikupanda hata senti moja, lakini ada ya huduma iliongezeka mpaka ikawa kodi ya pili. Mama akaomba ada isizidi kiasi kilichotajwa mwaka wa kwanza, na nyongeza yoyote ionyeshwe kwa hesabu na risiti. Akauliza pia kama mzee amesajiliwa kwa ushuru wa ongezeko la thamani. Kama amesajiliwa, 72,000 huongezwa asilimia 16 na kuwa 83,520, na mkataba usioeleza kama tarakimu yake imejumuisha ushuru huo au la huzaa ugomvi mwezi wa kwanza.

Njia ya kutoka ndiyo ngumu kuliko zote. Miaka sita ni ahadi ya kulipa miezi 72. Biashara ikianguka mwaka wa tatu, barabara ikifungwa kwa ujenzi, au mwenye duka akiugua, bado anadaiwa miaka mitatu mingine, na miaka hiyo mitatu kwa 79,200 ni zaidi ya shilingi 2,850,000. Wazo la kwanza la kila mtu ni kuomba kifungu cha kujitoa: mpangaji aweze kuuvunja mkataba kwa ilani ya miezi sita. Lakini mkumbuke kile tulichosema. Kifungu cha kuvunja mkataba ndani ya miaka mitano, kisichotegemea kosa la mtu, huurudisha upangaji wote ndani ya Sura ya 301 hata kama muda wake ni miaka sita. Wakili wa mwenye jengo akikiona atakikataa, wala si kwa ukaidi.

Tuseme pia upande wa pili wa jambo hilo, kwa kuwa limewafaa watu. Baadhi ya mikataba ya miaka sita ina kifungu cha namna hiyo kilichotiwa na mwenye jengo mwenyewe, kwa mfano kwamba anaweza kulitwaa duka kwa ilani ya miezi mitatu akitaka kujenga upya. Mpangaji hukisoma na kuona ni kifungu kibaya kwake. Kumbe chaweza kuwa ndicho kinachomlinda, kwa sababu kimeufanya upangaji wake uwe uliodhibitiwa. Basi mwenye mkataba wa zamani wa miaka sita asikate tamaa kabla ya kuusoma wote, wala asiwe mwepesi wa kuomba kifungu hicho kifutwe.

Mama hakuomba kujitoa. Aliomba haki ya kumhamishia mtu mwingine mkataba, au kumpangisha sehemu ya duka, kwa idhini ya mwenye jengo ambayo haitanyimwa bila sababu ya maana. Haki hiyo haivunji mkataba, kwa hiyo haiugusi mstari wa miaka mitano, na wakili hana cha kuogopa. Mama akichoka mwaka wa tatu atamtafuta mwenziwe wa kuingia mahali pake. Na hapa kodi isiyopanda ina faida ambayo watu hawaitazamii: kama mtaa umepanda mpaka 95,000 naye mkataba wake unasema 79,200, wa kuupokea hawatakosekana. Kinyume chake, mtaa ukishuka, haki hiyo haina thamani kubwa, naye atabaki na deni lake. Hatuwezi kuwadanganya juu ya hilo.

Siku ya mwisho nayo ikajadiliwa. Rasimu ilisema mpangaji anaweza kuomba mkataba mwingine “kwa kodi itakayokubaliwa na pande mbili”. Maneno hayo husomeka vizuri na hayana nguvu. Wakishindwa kukubaliana, hakuna kitu. Mama akataka iandikwe kwamba akitoa taarifa miezi sita kabla ya mwisho, na akiwa hana deni, atapewa miaka mingine mitatu, na kodi yake itakuwa ile ya soko itakayopimwa na mthamini aliyesajiliwa ambaye pande zote mbili zimemchagua. Wakishindwa kumchagua, itajwe taasisi ya kuwateulia. Mzee alisita sana hapa. Mwishowe alikubali kwa sharti kwamba kodi mpya isiwe chini ya 79,200. Mama naye akakubali. Sisi tungependelea asikubali, lakini si sisi tuliokuwa tukitafuta riziki katika duka lile.

Baada ya mapatano ya mdomo zilibaki karatasi, nazo zina gharama ambayo yafaa iingizwe katika hesabu tangu mwanzo. Mkataba wa zaidi ya miaka mitatu hutozwa ushuru wa stempu wa asilimia 2 ya kodi ya mwaka. Wa miaka mitatu au chini yake hutozwa asilimia 1. Kwa mama, ukichukua wastani wa kodi ya miaka yote sita, ni karibu shilingi 18,000. Ada ya wakili wa mwenye jengo nayo kwa desturi humwangukia mpangaji, ingawa hakuna kinachozuia kuigawana, na ni heri iulizwe kabla wakili hajaanza kuandika. Karatasi isiyolipiwa stempu haipokewi mahakamani kuwa ushahidi. Na mkataba wa miaka sita usajiliwe katika ofisi ya ardhi, kwa maana jengo likiuzwa, mnunuzi atauliza kilichosajiliwa, wala hatauliza mlichokubaliana juu ya kahawa.

Swali la benki liulizwe kabla ya hapo. Mzee alikuwa amechukua mkopo wa kutengeneza paa, na hati ya jengo ilikuwa dhamana. Hati za namna hiyo kwa kawaida humkataza mwenye jengo kupangisha kwa muda mrefu bila idhini ya benki. Kama mama angetia sahihi bila idhini hiyo, na benki ikaja kuliuza jengo, kodi yake isiyopanda ingekuwa ahadi ya mtu ambaye hana tena jengo. Aliomba idhini kwa maandishi, ikachukua wiki tano kupatikana. Ni wiki hizo tano zilizotufanya tuwashauri watu waanze mazungumzo miezi sita kabla ya mkataba kwisha. Mama alianza Julai, na idhini ilifika mwisho wa Novemba.

Mmoja wenu alituuliza hapo mlangoni kama hesabu hizi zinamfaa mwenye kibanda cha shilingi 15,000 kwa mwezi ambaye hana mkataba wowote ulioandikwa. Tunamjibu kwamba yeye, maadamu mwenye kibanda si serikali wala halmashauri, amekwisha kuwa ndani ya Sura ya 301 kwa sababu hiyohiyo ya kutoandikiwa. Akiletewa karatasi ya miaka sita ili “aandikiwe rasmi”, asiione kuwa ni heshima mpaka ameisoma bei yake. Kwake yeye tungependekeza miaka miwili au mitatu kwa kodi isiyopanda, iliyoandikwa, na aendelee kulindwa. Muda wa kuuza atakuwa nao baadaye. Na ye yote, mkubwa au mdogo, kabla ya kutia sahihi amwulize wakili kama sheria hii ingali kama tulivyoieleza, kwa kuwa Bunge limekwisha kuletewa mswada wa kuibadilisha mwaka 2021, na laweza kuletewa mwingine.

Ilani za fomu tumeleta nakala zake. Ziko juu ya meza karibu na mlango, pamoja na karatasi yenye mistari sita ya kupigia hesabu ya mwaka mmoja mmoja. Walio na barua za wenye majengo mkononi, tuketi nao sasa.